Shairi la Mama, Si la Ukumbi

Jumatatu, mvua ya kwanza

Naandika humu kwa sababu nikiyasema yote kwa mdomo nitagombana na ukoo mzima kabla sijaolewa. Mvua zimeanza leo, na harusi imepangwa zitakapokwisha. Imepangwa na shangazi. Mimi na mwanamume ninayeolewa naye tumeachiwa kazi moja, kufika.

Mimi nina langu moja tu ambalo simwachii mtu. Siku hiyo, kabla sijatoka, nitamsomea mama yangu shairi nililolitunga mwenyewe. Si hotuba wala kadi. Nataka shairi lenye vina na mizani, kwa sababu mama anapenda mashairi ya redioni kuliko chakula, na mtu akikosea mizani huizomea redio kama mtu anayemdai.

Mama ni fundi baiskeli. Baba alipofariki aliachiwa chumba cha mbele chenye spana, karai na pampu, na mtoto mmoja mkaidi. Vyote amevitunza.

Jumatano

Mvua. Nimekaa kazini na karatasi tupu. Nimeandika "Mama" na nukta mbili. Basi.

Ijumaa

Nimepandwa na hasira.

Nafanya kazi kwenye duka la uchapaji. Tunapiga barua, tunachapa kadi, risala za misiba, matangazo ya kupotelewa na vyeti. Leo bosi ameniletea kazi ya haraka, ratiba ya harusi. Nimeifungua, kumbe ni yangu! Naichapa harusi yangu mwenyewe na mimi ndiye wa mwisho kuijua. Kuingia kwa bwana harusi, sawa. Keki, sawa. Halafu: "Shairi la kumuaga mama. Limetungwa na Kinyozi Malenga. Linasomwa na bi harusi." Na chini yake shairi lenyewe, limekwisha kupigwa taipu:

Mama ua la waridi, umenilea kwa pendo,
Umenipa na zawadi, za maneno na matendo...

Waridi! Mama yangu hajawahi kushika waridi. Ukimpa atauliza linafungwa kwa spana namba ngapi.

Nimekwenda moja kwa moja dukani kwa shangazi, anakouza mapazia. Shangazi ni dada yake marehemu baba, na tangu baba afariki amejipa cheo cha kusema "ukoo unataka" hata pale anapotaka yeye peke yake.

"Shikamoo shangazi. Hili shairi ni la mama wa nani?"

"Marahaba. La mama yako, la nani tena?"

"Mama yangu hayumo humu ndani. Hili unaweza kumsomea mama yeyote, hata mama wa kambo."

Hakuacha kupima pazia. "Sikiliza mwanangu. Ukumbi utajaa watu wa heshima. Hatutaki siku hiyo kusikia habari za tyubu na grisi. Mama yako atavaa vizuri, mikono itakuwa safi, na wewe utasoma kitu kizuri. Siku moja tu. Unakufa?"

Nikamwambia sifi, ila sisomi. Akaniambia nimerithi ubishi wa kwetu kwa mama. Nikamshukuru, maana hilo ni jambo zuri la kwanza alilolisema kuhusu kwetu kwa mama tangu nizaliwe.

Jumamosi

Nimekwenda kumvaa Kinyozi Malenga. Ni mwembamba, ana masharubu ya kujivunia, na hutunga akinyoa. Nilimkuta ana kichwa cha mteja mkononi, nikamwaga yote palepale niliposimama. Mteja alibaki nusu kanyolewa, akitusikiliza kwa makini.

Nilitegemea tugombane. Kumbe hana hata habari.

"Dada, mimi niliambiwa mama, maua, shukrani. Nikatunga mama, maua, shukrani. Ungekuja wewe ningekuuliza maswali." Akapuliza nywele kwenye mashine. "Unataka kutunga mwenyewe? Tunga. Unajua tarbia?"

Nikasema najua mistari minne kwa ubeti. Akacheka, akamgeuza mteja kichwa. Kila mshororo, akasema, una mizani kumi na sita, nane upande wa kwanza na nane wa pili. Mizani ni silabi, na ile "m" ya "mvua" inayosimama peke yake nayo ni mizani, watu wengi huisahau. Mwisho wa nane za kwanza pana kina, mwisho wa zile nyingine pana kina, na mistari mitatu inafanana vina. Wa nne ni kibwagizo. Unarudi kila ubeti bila kubadilika.

Anahesabu kwa mkasi. Alisema mstari mmoja huku akikata hewani, kila silabi mkato mmoja, na alipofika nane akapumzika. Ndipo nilipousikia mstari una kiuno.

"Na usichague kina kwa uzuri," akasema. "Chagua kina utakachoweza kukilisha mpaka mwisho. Watu huanza na 'grisi', ubeti wa pili wameishiwa, wanaanza kumsifia mama kwa 'polisi'."

Mteja akacheka, mkasi nusura umkate sikio.

Jumapili

Mama anasugua mikono. Nimemkuta uani na karai lake la kutazamia tyubu zilizotoboka, safari hii lina maji ya moto. Sukari, mafuta ya taa, sabuni ya unga, brashi. Shangazi amemwambia aanze mapema.

"Mama, unafanya nini?"

"Natafuta mikono mingine chini ya hii."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi

Mvua tangu alfajiri. Mama anasugua. Mimi natunga kwa hasira na kumbe hasira inatunga vizuri! Beti nne zimekuja zenyewe kama zilikuwa zimejificha mlangoni.

Jumanne

Leo nimemsomea mama. Sikutaka kumsomea kabla ya siku yenyewe, lakini nilikuwa najivunia, na mtu anayejivunia hana subira. Alikuwa amegeuza baiskeli ya muuza maziwa juu chini, anarekebisha gurudumu la nyuma. Nikavuta ndoo, nikakaa, nikasoma. Ubeti wa kwanza ni huu:

Walosema kazi chafu, waje leo watazame,
Wacheke hiyo harufu, na vidole waviume,
Mamangu hakuwa dufu, mbele yenu asimame,
Semeni tena semeni, mama ndiye huyu hapa.

Nilimaliza beti zote nne. Mvua ilikuwa inagonga bati, sauti yangu imepanda kama ya mwanasiasa. Nikangoja.

Mama alizungusha gurudumu. "Mizani iko sawa," akasema. "Vina viko sawa. Hakuna mahali umechechemea."

"Basi?"

"Basi nini?"

"Umelipenda?"

Akashika gurudumu likasimama. "Nikuulize. Walosema ni nani?"

"Shangazi. Na watu wake."

"Wacheke ni nani?"

"Hao hao."

"Waviume?"

Nikakunja karatasi yangu.

"Kwa hiyo siku ya kuniaga mimi, utasimama uongee na shangazi yako beti nne. Mimi nimetajwa, ndiyo, lakini nimesimamishwa pale mbele kama kidhibiti mahakamani." Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. "Mwanangu, hilo shairi si langu. Ni la wifi yangu. Mpelekee."

Nikamwambia namtetea. Akaniambia hakuniomba wakili. Nikamwambia yeye ndiye aliyejisalimisha, anasugua mikono kila siku kwa sababu muuza mapazia kasema, na mimi ndiye pekee nyumba hii mwenye uti wa mgongo. Nilisema hivyo, kwa mama yangu, mbele ya baiskeli ya watu.

Hakupandisha sauti. Alichukua kipande cha chaki akarudi kwenye gurudumu lake. "Umemaliza? Haya. Sogea, unanizibia mwanga."

Niko chumbani kwangu. Nimeandika haya yote na bado nina hasira, na sijui tena ni ya nani.

Jumatano

Mvua. Hatujasemeshana ila salamu. Mama anasugua.

Ijumaa

Mchumba wangu amepita jioni. Ni fundi wa miwani, kazi yake kusaga vioo, na ni mtu wa maneno machache hadi watu hudhani ana jino linalouma. Nikamsimulia yote. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama yako yuko sahihi," akasema.

Nikamuuliza kama anajua bado hajanioa. Akasema anajua. Akaniuliza swali moja tu, kama lile shairi ningelisoma tukiwa mimi na mama peke yetu jikoni, ningebakiza mstari upi.

Nimepitia beti zote nne. Hata mmoja. Hata mmoja sina! Nimelichana, na nimemwambia akae kimya kama kawaida yake.

Jumatatu

Nimeomba ruhusa mchana nikakaa na mama kazini kwake, bila daftari. Nilimwambia samahani. Akasema, "Nishikie hii," akanipa pampu. Kwetu msamaha unatolewa hivyo.

Nimemtazama akinyoosha gurudumu. Nimekulia humo na sijawahi kutazama. Anaizungusha rimu akiwa ameshika chaki karibu kabisa bila kugusa. Mahali palipopinda panajigusa penyewe kwenye chaki na kupata alama. Hapo ndipo anapoanza, na hakazi kwa nguvu. Spoku ya upande huu anaikaza kidogo, robo ya mzunguko, ya upande wa pili anailegeza kidogo, anazungusha tena, anatazama, anangoja. Ukikaza sana kwa pupa, akasema, unaondoa kipindo hapa unakiweka pale. Gurudumu linanyooshwa na mtu asiye na haraka.

Nikakumbuka mwaka nilioacha shule kwa kiburi, nikisema sirudi. Hakunipiga wala hakunilazimisha. Alinipeleka kwenye chaki tu. Kila asubuhi aliniamsha kwa saa ileile ya shule, akaniambia "haya, kama huendi, nishikie," mpaka siku nikachoka kushika nikaenda.

Nimeandika usiku huu na nimelia kidogo, liandikwe hilo pia:

Gurudumu likipinda, hukupiga makelele,
Nami nilipokushinda, ulingoja vilevile,
Hivi ndivyo nitapenda, siku zote na milele...

Kibwagizo sina bado. Nimehesabu kwa vidole juu ya meza, nane na nane, mara kibao. Ule mstari wa pili ulikuwa na mizani tisa mwanzoni. Niliandika "Na mimi nilipokushinda". Nikaondoa "Na mimi" nikaweka "Nami" na ukakaa. Najisikia fundi.

Jumanne

Kinyozi Malenga amesikia ubeti wangu, amekata hewa kwa mkasi mpaka mwisho, amesema, "Haya, sasa unaongea na mtu." Nikamuuliza kibwagizo nakitoa wapi. Akasema kibwagizo ni lile neno unalotaka kulisema hata kama mengine yote yatasahaulika. "Unaondoka na nini?" akaniuliza. Nikasema sanduku na seti ya sufuria. Akanifukuza.

Jumatano

Mvua kubwa, barabara imekuwa mto. Mama kafungua duka hivyo hivyo, kaweka gunia mlangoni. Nimemwingiza kwenye ubeti, nao utakuwa wa kwanza:

Mama naja mbele yako, kukuaga naolewa,
Neno hili ni la kwako, si la watu kuambiwa,
Hukufunga duka lako, mvua ukinyeshewa,
Mikono yako mamangu, nimebeba naondoka.

Ndiyo, nimekipata! Nilikuwa namkunjia mteja kadi za mwaliko kazini, sijui mikono yangu ilikuwa inafanya nini, nikaitazama nikaona inakunja karatasi kwa namna ileile anavyokunja mama kiraka cha tyubu, kidole gumba kikipita pembezoni. Naondoka na hiyo. Nimekihesabu kibwagizo mpaka bosi akauliza kama nadai kitu.

Sijamsomea. Safari hii atasubiri kama wengine.

Jumatatu

Amefunga duka!

Nimetoka kazini nikakuta mlango wa duka umefungwa na kipande cha boksi kimetundikwa, "Nimefunga, nina harusi." Mama hajawahi kufunga. Alifungua siku ya pili baada ya mazishi ya baba. Nikamkuta ndani amekaa kitako, mikono imelala juu ya kanga mpya, mikono imefifia rangi mpaka nikaiogopa. Kucha nyeupe. Ilionekana ya mgeni aliyekuja kuomba hifadhi.

"Shangazi yako anasema nikiendelea kushika mnyororo kusugua hakuna maana," akasema.

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nasema nina binti mmoja, anaolewa mara moja, na sitaki siku hiyo watu waseme lolote. Hata zuri."

"Mama, nimekuandika kwamba hukufunga duka lako! Sasa unanitia uongoni!"

Akanitazama. "Umeniandika nini?"

Nikafunga mdomo kwa mkono. Akacheka mpaka akakohoa. Lakini duka hakufungua.

Jumanne

Muuza maziwa kaja, kagonga, kaondoka akisukuma baiskeli kwenye matope.

Jumatano

Mwalimu wa shule ya jirani kaja, kagonga. Mama alisimama, akakaa.

Alhamisi

Mvua. Mama anasugua, ingawa hakuna cha kusugua tena.

Jumapili

Leo nimekwenda kwa shangazi kumaliza mambo. Nilijiandaa njiani, nina maneno makali matatu nimeyapanga kwa mfuatano. Nimeyarudisha yote nyumbani kama nilivyokwenda nayo.

Nilimkuta anashona pindo la gauni la mama, kwa mkono, sindano inapita polepole. Gauni zuri, lazima niseme. Nikaanza, "Shangazi, unamwonea aibu mama yangu."

Akaweka sindano chini. "Mimi?"

"Wewe."

"Unakumbuka siku ya kujitambulisha, watu wa mchumba wako walipokuja?"

Nakumbuka. Nilikuwa jikoni nahangaika na vikombe.

"Mama mkwe wako alipofika kwa mama yako kumpa mkono, aliutazama kwanza. Halafu akampa ncha za vidole. Hivi." Shangazi akanishika kwa ncha mbili, kama mtu anayeokota kitu kilichodondoka njiani. "Na akazifuta kwenye leso. Mama yako aliona. Mimi niliona. Nilirudi hapa nikalia kwa hasira, mimi ambaye silii. Mke wa kaka yangu! Aliyemuuguza kaka yangu mpaka dakika ya mwisho kwa mikono hiyo hiyo! Nikaapa, hawatampa tena ncha za vidole. Wataikuta mikono safi, hawatakuwa na la kusema."

Nimekuwa nikimtungia huyu mwanamke beti za kumwumiza.

Nikamwambia, "Shangazi, tukiisafisha tutakuwa tumewaambia ni kweli."

Akaiokota sindano. "Wewe ni mdogo," akasema. "Hujaona mtu akifuta mkono wake kwa sababu yako." Baadaye akaongeza, bila kuinua uso, "Lakini shairi soma lako. Lile la kinyozi lina maua mengi mno hata mimi nimepiga chafya."

Hajabadilika kuhusu mikono. Mimi pia sijabadilika. Tumekunywa chai.

Jumatano

Ubeti wa tatu, na huu nitausema hata nikizibwa mdomo:

Weusi wa kiganjani, ndio ada ya kusoma,
Ndio shuka kitandani, nikiugua kwa homa,
Ulibaki mashavuni, uliponifuta, mama,
Mikono yako mamangu, nimebeba naondoka.

Nilikuwa nimeandika mstari wa kumwamuru asiifiche mbele za watu. Nimeufuta. Hao watu walikuwa wameingia tena kupitia dirishani. Kila ninapotaka kuandika "wao" nasikia mama akiuliza, "ni nani?"

Ijumaa

Kesho. Nimeshindwa kula. Mchumba kapita mlangoni, kasema "kesho," nami nikasema "kesho." Tutaelewana.

Jumamosi, asubuhi

Naandika haraka, msusi yuko nje anapasha vifaa vyake.

Alfajiri mtu kagonga. Kagonga kwa kiganja, si kwa kidole. Mkunga wa zahanati, kalowa chapachapa, baiskeli yake mnyororo umekatika, na kuna mama anajifungua ng'ambo ya daraja ambako gari halipiti kwa matope. Shangazi, aliyelala kwetu, akafika mlangoni kabla yetu. "Pole sana mwenzangu, leo hapa pana harusi. Tafuta fundi mwingine."

"Mwingine yuko wapi saa hizi?" akasema mkunga.

Mama akatoka chumbani. Hakumtazama mkunga kwanza, alimtazama shangazi. "Wifi," akasema, "nipishe."

"Wifi, mikono!"

"Ndiyo hiyo aliyoifuata huyu."

Akakitoa kile kipande cha boksi mlangoni, akaigeuza baiskeli juu chini, akavua pete akanipa nishike. Akaipata pingili iliyovunjika, akasukuma pini kwa kipande cha chuma na nyundo ndogo, akaiondoa pingili, akaunganisha iliyobaki, akarudisha pini, akazungusha pedali kusikiliza. Mnyororo ulikuwa umelowa na kujaa tope, akaupaka grisi ya kutosha kwa vidole kwa sababu kitambaa hakikuonekana. Nilisimama nimeshika pete na nikasikia furaha ya kijinga, furaha ya kutaka kupiga vigelegele peke yangu.

Mkunga akaondoka. Mama akanawa kwa sabuni ya kuogea, mara moja, kama mtu yeyote anayekwenda kula. Shangazi akaleta brashi na sukari. Mama akaipokea brashi, akaiweka juu ya rafu ya spana, akasema, "Asante wifi. Nisaidie zipu."

Na shangazi kamsaidia zipu. Msusi ananiita.

Jumapili, kwa mwenzangu

Kuna dirisha hapa ambalo sijui linafungwaje. Mvua imekatika. Acha niandike jana kabla haijanitoka.

Ukumbi ulijaa. Bati la ukumbi ule ni jembamba, na tulipofika kwenye keki ikashuka mvua ambayo tangu msimu uanze sijaiona. Taa zikazimika. Kipaza sauti kikafa. Mshereheshaji akaanza kupiga kelele kwa mikono kama anazuia gari. Meza kwa meza watu walikuwa wanaongea kwa ishara.

Ilikuwa zamu ya shairi. Shangazi akapanda jukwaani, akaweka mdomo sikioni kwangu. "Acha mwanangu. Hakuna atakayesikia."

"Yupo mmoja," nikamwambia.

Nikateremka. Gauni lile si la kuteremkia ngazi, lakini nikateremka, nikakatisha katikati ya ukumbi mpaka meza ya mbele alipoketi mama, kando yake mama mkwe wangu. Nikapiga magoti. Mama alikuwa ameweka mikono juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe, wazi, na weusi umekaa kwenye mistari ya viganja na pembeni mwa kucha kama kawaida. Mama mkwe alikuwa anaitazama. Nikamwacha aitazame.

Nikaweka mdomo sikioni kwa mama nikaanza. Sikupaza sauti. Watu wa nyuma walisimama, wengine wakapiga kelele, "Hatusikii! Bi harusi, hatusikii!" Mshereheshaji akanionyesha ishara ya kupandisha. Nikaendelea vilevile. Wote waliokuwa pale, wa heshima na wasio wa heshima, walitazama mgongo wangu. Nilisema ubeti wa duka na mvua, wa gurudumu, wa weusi. Kwenye "mashavuni" nikamsikia akivuta pumzi. Halafu wa mwisho, ambao niliumaliza kwenye gari nikienda ukumbini:

Kaditama naishia, mlangoni nasimama,
Machozi nimezuia, siyo kwamba ni mzima,
Radhi naisubiria, nipe kisha nitahama,
Mikono yako mamangu, nimebeba naondoka.

Mama hajawahi kutunga mstari hata mmoja maishani. Huwa anasema yeye ni wa kuzomea tu. Nikaona midomo yake inahesabu. Kisha akanishika mashavu kwa mikono yote miwili, akanivuta, akaniambia sikioni:

"Mikono yangu mwanangu, ibebe sasa ondoka."

Nane na nane. Sikuhitaji mkasi.

Nilipoinuka, ukumbi mzima ulikuwa unaniuliza, na shangazi mbele yao, "Amesema nini? Amekujibu nini?" Nikawaambia ni yetu. Mama mkwe wangu akafungua mkoba, akanipa leso. Akanionyesha kwa kidole, kwa huruma kabisa, kwamba nina grisi usoni, huku na huku, na mpiga picha yuko tayari.

Nilimwambia, "Asante mama, najua," nikamrudishia leso yake, nikamgeukia mpiga picha.